Utaratibu wa Kazi: Kupima Kichocho cha Tumbo kwa Kato-Katz (tafsiri kwa wataalamu wa maabara, Mwanza)

Usalama kwanza. Vaa koti la maabara na glavu. Usile wala kunywa mezani. Kinyesi kikimwagika, funika kwa karatasi, mimina klorini ya 0.5%, subiri dakika 10, ndipo ufute.

Loweka selofani kwenye mchanganyiko wa gliserini na malakaiti ya kijani kwa saa 24 kabla ya kazi. Andika namba ya sampuli kwenye slaidi, kamwe si kwenye kifuniko cha kopo, maana vifuniko hubadilishana.

Chuja kinyesi kwa wavu, jaza tundu la kiolezo cha miligramu 41.7 na usawazishe juu. Tundu lisilojaa huharibu hesabu yote inayofuata. Inua kiolezo, funika kwa selofani, geuza slaidi na uikandamize taratibu mpaka maandishi yasomeke kupitia kinyesi. Andaa slaidi 2 kwa kila sampuli.

Mayai ya safura yasomwe ndani ya dakika 60, kwani huyeyuka machoni. (Mtafsiri: nimekwepa “saa 1” kwa makusudi, hapa kwetu mtu atasoma saa 1 asubuhi.) Yai la kichocho lina mwiba ubavuni. Hesabu slaidi nzima, zidisha kwa 24: mayai 9 ni 216 kwa gramu.

Ubora: msomaji wa pili arudie 10% ya slaidi bila kuona majibu ya kwanza. Tofauti ikizidi 20%, wote wawili wasome upya.