Alama ya Programu

Barua pepe ya wakala ilimweleza mfasiri kwamba programu ya ukaguzi imeihesabu tafsiri yake ya kijitabu cha wagonjwa wa pumu kuwa kazi ya mashine kwa asilimia 94, na kwamba malipo yamesitishwa. Mfasiri aliisoma mara mbili. Kila sentensi alikuwa ameipima kwa sauti, akamuuliza muuguzi jinsi wagonjwa wanavyoelekezwa kutumia pampu ya dawa, kisha akasawazisha istilahi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na usawa huohuo, ambao mgonjwa anauhitaji ili asikosee dozi, ndio ulioitia programu shaka.

Alituma rasimu zote pamoja na historia ya mabadiliko ya faili.

“Mimi nakuamini, dada,” msimamizi alimwambia kwa simu, “lakini mteja anataka alama ishuke. Badilisha maneno kidogo.”

“Nikiyabadilisha, mgonjwa atadhani dawa ni mbili. Mtafuteni mhariri anayeijua lugha hii, aisome, kisha anionyeshe kosa liko wapi.”

Msimamizi alinyamaza, halafu akakubali kumtafuta mhariri kabla ya Jumatatu. Mfasiri akamwomba aiandike ahadi hiyo.