Swali la 4 la moko: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu"

Haya vijana wa kidato cha nne, nimemaliza kusahihisha karatasi zenu na swali lililowaangusha wengi ni la 4, lile la methali. Naliandika hapa lote na majibu yake msome kabla ya kipindi, maana Jumatatu tunaingia kwenye ushairi na sina muda wa kulirudia ubaoni.

Swali lilikuwa hivi:

"Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." (a) Fafanua maana ya nje na maana ya ndani ya methali hii. (b) Tunga kisa kifupi kinachoonesha mazingira ambamo methali hii inaweza kutumika. (c) Taja methali moja inayopingana nayo na ueleze zinapingana vipi. (Alama 15)

Sasa karibu nusu ya darasa mmeandika "maana yake mtu anayejitahidi hufanikiwa", nukta, mmehamia swali la 5. Sio uongo, ila hilo jibu ukilibandika kwenye "Mchumia juani hulia kivulini" linakaa, kwenye "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" linakaa, yaani ni nguo ya mtumba inamtosha kila mtu. Msahihishaji anataka kuona umeielewa methali HII, sio methali za bidii kwa ujumla.

Tuanze na maana ya nje, yaani picha yenyewe. Methali hii ni ya watu wa pwani na ndo maana imetusumbua sisi wa huku juu. Upwa ni ile sehemu ya ufukwe inayobaki wazi maji ya bahari yakipwa, yaani yakirudi nyuma. Wale mnaotoka Kyela msije mkaniletea Matema hapa, Ziwa Nyasa halipwi na kujaa kila siku kama bahari, lenyewe linapanda na kushuka kwa msimu wa mvua. Bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku hivi, na ikipwa watu wanashuka na vikapu na vijiti wanapekua mawe na madimbwi, huyu kapata pweza, yule kaa, yule chaza, mwingine anazunguka saa nzima na kikapu kitupu. Hawana mtumbwi wala nyavu, wana miguu tu. Kugaagaa ni kujiviringisha chini, punda akilala vumbini anajigeuza huku na huku anagaagaa, ila hapa ina maana ya kuhangaika huku na kule bila kuchoka.

"Hali" ni ukanushi wa kula jamani. Anakula, hali. Kuna mtu kaniandikia "hali ya wali kuwa mkavu inasikitisha", nimecheka peke yangu ofisini. Na wali mkavu sio wali uliopungukiwa maji jikoni, ni wali usio na kitoweo. Hata uwe mchele wa Kyela unaonukia hadi kwa jirani, kama hamna dagaa wala maharage wa kuwekea huo ni wali mkavu. Kwa hiyo maana ya nje: anayehangaika upwani hakosi kitoweo cha kulia wali wake.

Maana ya ndani sasa, hapa ndo penye alama nyingi. Angalieni vizuri methali inaahidi nini. Haisemi mgaagaa atatajirika, wala haisemi atajenga ghorofa. Inasema tu hatakula wali mkavu. Wali tayari anao, kinachoongezeka ni kitoweo. Mi naona methali hii ni ya mtu wa kawaida kabisa, inamwambia usikae tu nyumbani na hicho kidogo ulichonacho, toka, zunguka, gusa huku na huku, utapata cha kuongezea. Jambo lingine ni kwamba anayeshuka upwani hajui atakutana na nini. Hapo ndo inapoachana na ya mvunguni, maana yule wa mvunguni anakijua anachokitaka na anajua kiko wapi, gharama yake ni kuinama tu. Na ya mchumia juani yenyewe inahusu wakati, umia sasa ustarehe baadaye. Hii yetu inahusu kujaribu sehemu nyingi bila uhakika. Ukiandika hivyo kwa sentensi tatu nne umemaliza (a).

Jibu la (a) kwa ufupi ningeliandika hivi: Kwa nje, methali inamzungumzia mtu anayehangaika ufukweni maji yakiwa yamepwa, ambaye hakosi kitoweo cha kulia wali. Kwa ndani, inafundisha kwamba mtu asiyebweteka, anayejaribu njia mbalimbali hata bila uhakika wa matokeo, hakosi chochote cha kuboresha maisha yake, japo kiwe kidogo. Kwa hiyo inahimiza juhudi na ubunifu na inakemea uvivu.

(b) Kisa kiwe na mtu, tatizo, mahangaiko, halafu methali itamkwe na mtu ndani ya kisa. Wengi mmesimulia tu methali haijatokea kabisa. Mfano: Dada mmoja katoka Tukuyu alfajiri na ndoo mbili za maparachichi, kafika Kabwe kakuta wauzaji wamejaa bei imeanguka. Hakukaa kulalamika, akajitwisha akaenda Mwanjelwa, akauza robo, akapita kwa mama ntilie wa Soweto mmoja baada ya mwingine, huyu akachukua matano, yule kumi. Jioni kabakiwa na machache, akabadilishana na muuza dagaa. Kufika nyumbani mama yake anafungua mfuko anacheka, "Ndo nilikwambia mwanangu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Basi. Hajatajirika, ila chakula cha usiku kina dagaa.

(c) Jibu nililolitegemea ni "Mtembezi hula miguu yake". Moja inamsifu anayezunguka, nyingine inamcheka. Lakini elezeni zinapingana wapi: mgaagaa anazunguka akitafuta, mtembezi anazunguka tu, anarudi na uchovu. Mtu mmoja kaandika "Mvumilivu hula mbivu" akaeleza kwamba huyu anasubiri tunda liive wakati yule wa upwani hasubiri kitu, anakifuata, na mi nimempa alama zote ingawa kwenye mwongozo wangu haikuwepo. Hoja ikisimama inasimama. "Haraka haraka haina baraka" nimeikata, ile inahusu kasi, mgaagaa hakuambiwa akimbie.

Nyongeza kwa wanaotaka kupamba jibu: sikilizeni "hali wali", sauti inajirudia, na methali ina pande mbili, mizani 8 kisha 7. Swali halikuuliza fani kwa hiyo mstari mmoja unatosha, kuna mtu kajaza nusu ukurasa wa mizani afu (c) kaiacha wazi.

Kazi ya Jumatatu: chukua "Mtembezi hula miguu yake" uifanyie (a) na (b) kwa mpangilio huohuo, kisa kiwe cha huku kwetu, na sitaki kuona parachichi. Kiongozi wa darasa akusanye madaftari kabla ya gwaride.