Sodiamu na Potasiamu: Jedwali la Wodi ya Tiba, Mtwara

Wenzangu wa zamu ya usiku,

Haya yametoka kwenye madaftari matatu: langu la chuoni, la intani aliyemaliza mwezi uliopita akaniachia, na kale kadogo ka mfukoni mwa koti kalikomwagikiwa dripu mara mbili. Yalikuwa yamechanganyika vibaya. Kalisi ya moyo iko ukurasa mmoja na kuhara, na U ya potasiamu ndogo imechorwa pembeni ya maelezo ya sodiamu. Nimeyapanga upya, maana saa nane usiku hakuna anayefungua kurasa arobaini huku mgonjwa anatupa miguu. Dozi zote ni za mtu mzima. Mtoto ana hesabu zake, msimpimie kwa karatasi hii.

Vipimo vya kawaida: sodiamu 135–145 mmol/L, potasiamu 3.5–5.0 mmol/L.

Mtaona safu ya ECG upande wa sodiamu iko karibu tupu. Sikusahau kuijaza. Sodiamu inaumiza ubongo, kwa sababu maji huingia au kutoka kwenye seli zake. Moyo haukupi alama ya kutegemea. Potasiamu ni kinyume: mgonjwa anaweza kukaa kitandani anapiga soga huku QRS yake inatanuka. Kwa hiyo kwenye sodiamu muulizeni mgonjwa leo ni siku gani. Kwenye potasiamu vuteni mashine ya ECG kabla hata jibu la maabara halijarudi.

SODIAMU

| Tatizo | Chanzo | ECG | Dalili | Marekebisho |
|---|---|---|---|---|
| Chini ya 135 (hatari zaidi chini ya 120) | Kutapika, kuhara. Vidonge vya presha vya kukojoza aina ya thiazaidi. Moyo kushindwa, ini kusinyaa, figo. Homoni ya kuzuia mkojo kuzidi (nimonia, TB, homa ya uti wa mgongo, kabamazepini). Tezi ya adrenali au ya shingo kudhoofu | Hakuna badiliko maalumu | Kichefuchefu, kichwa kuuma, kuyumba, kuchanganyikiwa. Ikiwa kali: degedege, kupoteza fahamu | Degedege au fahamu kupungua: salaini ya asilimia 3, ml 100–150 kwa dakika 10–20, rudia hadi mara 3. Lengo: ipande 4–6, kisha simama. Aliyepungukiwa maji: nomo salaini. Aliyevimba au mwenye homoni kuzidi: punguza maji ya kunywa. Isipande zaidi ya 8–10 kwa saa 24 |
| Juu ya 145 | Kukosa maji (mzee, aliyelala hajitambui), homa, kuhara, kuungua, sukari juu, figo kumwaga maji (lithiamu, jeraha la ubongo), ORS iliyokorogwa kwa maji machache | Hakuna badiliko maalumu | Kiu, kukosa utulivu, udhaifu, kusinzia, degedege, koma | Akiwa na mshtuko wa damu: nomo salaini kwanza. Kisha maji kwa mdomo au mpira wa tumboni, au dekstrozi asilimia 5. Ikiwa imedumu zaidi ya saa 48, isishuke zaidi ya 10 kwa siku |

Mstari wa kwanza ndio uliotufundisha, na mwalimu wetu alikuwa bibi mmoja wa Tandahimba. Alikuja na sodiamu 114, anayumba, kila aulizwalo anajibu "ndiyo". Hakuwa na degedege. Kwenye mfuko wa rambo wa bintiye tulikuta vidonge vya presha vya kukojoza, na alikuwa ametapika siku tatu. Tukaweka nomo salaini, sawa kabisa. Kosa lilikuwa langu: niliandika "rudia kipimo asubuhi" nikaondoka. Mwili ulipojaa, homoni iliyokuwa ikizuia mkojo ikaachia, akaanza kukojoa ndoo. Asubuhi sodiamu ilisoma 128. Imepanda 14 kwa usiku mmoja.

Mnajua hofu ya hapo: ubongo uliozoea sodiamu ndogo ukivutwa haraka hupoteza ute unaofunika mishipa yake, na madhara hayaonekani siku hiyo. Hujitokeza siku kadhaa baadaye: ulimi mzito, kumeza taabu, miguu na mikono kulegea. Tulirudisha nyuma kwa dekstrozi asilimia 5, ml 10 kwa kila kilo ndani ya saa moja, tukapima tena. Alirudi kwao anatembea. Tangu siku hiyo nasema hivi: mwenye sodiamu chini ya 120 apimwe kila saa 4 hadi 6, na mkojo wake upimwe kwa jagi, usikadiriwe kwa macho. Ukizidi ml 100 kwa saa ghafla, piga simu, usisubiri jibu. Mlevi, aliyedhoofu kwa njaa, mwenye ini bovu au potasiamu ndogo, kikomo chake ni 8.

Salaini ya asilimia 3 ikikosekana na mgonjwa ana degedege: bikaboneti ya sodiamu ya 8.4%, ampuli ya ml 50, ina sodiamu karibu sawa na ml 100 za asilimia 3. Ni ya kuokoa maisha tu, na huisukuma potasiamu chini, kwa hiyo iangalieni nayo.

Kabla hamjaanza kutibu sodiamu ndogo, pimeni sukari. Glukosi nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli na kuizimua sodiamu. Kwa kila 5.6 mmol/L ya glukosi iliyo juu ya 5.6, ongezeni 1.6:

```
Na halisi = Na + 1.6 × (glukosi − 5.6) ÷ 5.6
126 + 1.6 × (33.6 − 5.6) ÷ 5.6 = 134
```

Huyo wa 126 hana shida ya sodiamu. Ana kisukari.

Kwa sodiamu kubwa, hesabu ya maji yaliyopungua ni hii. Maji ya mwili: kilo × 0.6 kwa mwanaume, 0.5 kwa mwanamke na mzee wa kiume, 0.45 kwa bibi.

```
Upungufu (L) = maji ya mwili × (Na ÷ 140 − 1)
Mzee wa kilo 50, Na 160: 25 × (160 ÷ 140 − 1) = 3.6
```

Lita 3.6, zigawe kwa siku mbili, na juu yake ongezeni anayopoteza kila siku kwa mkojo, jasho na kuhara. Joto la Novemba hapa mnalijua. Wengi wa kundi hili ni wazee waliokaa siku mbili tatu shambani au nyumbani bila mtu wa kuwanywesha, hasa familia ikiwa imehamia kwenye korosho. Akiweza kumeza, kikombe ni bora kuliko dripu.

POTASIAMU

| Tatizo | Chanzo | ECG | Dalili | Marekebisho |
|---|---|---|---|---|
| Chini ya 3.5 (kali: chini ya 2.5) | Kuhara, kutapika, furosemaidi, thiazaidi, insulini, salbutamoli, amfoterisini B, magnesiamu ndogo, aldosteroni kuzidi | T kulala, ST kushuka, U kujitokeza, QT kuonekana ndefu, mapigo ya ziada, tosadi | Misuli kulegea na kukaza, choo kufunga, tumbo kujaa gesi, moyo kudunda, kali: kupooza, kushindwa kupumua | Nyepesi: kloridi ya potasiamu ya kumeza. Kali au ECG imebadilika: dripu ndani ya nomo salaini, 10 mmol kwa saa, isizidi 40 mmol kwa lita kwenye mshipa wa mkono. 20 kwa saa ni kwa aliyefungwa monita tu. Rudisha magnesiamu |
| Juu ya 5.5 (kali: 6.5 na zaidi) | Figo kushindwa, enalaprili na ndugu zake, spironolaktoni, septrini dozi kubwa, diklofenaki, kuungua, misuli kupondeka, asidi kwenye damu, kukosa insulini, adrenali kudhoofu | T ndefu yenye ncha, PR kurefuka, P kupotea, QRS kutanuka, mwisho mawimbi mapana kama ya bahari, moyo kusimama | Mara nyingi hakuna, udhaifu wa miguu, mapigo kwenda taratibu | 1. Kalisi glukoneti 10%, ml 10 kwa dakika 3–5, rudia baada ya dakika 5 kama ECG haijabadilika. 2. Insulini ya kawaida yuniti 10 na dekstrozi 50% ml 50. 3. Salbutamoli mg 10–20 kwa nebulaiza. 4. Itoe mwilini: furosemaidi kama anakojoa; kusafisha damu kama hakojoi |

Kalisi haishushi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo kwa dakika 30 hadi 60, basi. Nimewahi kumkuta mwenzetu ametoa kalisi, ECG ikanyooka, akaandika "imerekebishwa" akaenda kunywa chai. Insulini na salbutamoli nazo zinaificha tu potasiamu ndani ya seli, na baada ya saa 4 hadi 6 inarudi mlangoni. Ndiyo maana hatua ya nne inaanza kupangwa wakati ya kwanza bado iko kwenye sindano. Sukari ipimwe kila saa kwa saa 6. Mgonjwa wa figo hushuka sukari alfajiri, ndugu wakidhani kalala vizuri.

ECG safi haimwondolei mwenye 7.0 hatari. ECG mbaya kwa mgonjwa wa figo, toeni kalisi, jibu mtalisoma baadaye.

Lakini jibu lenyewe mlishuku pia. Tulipokea sampuli kutoka zahanati ya mbali, imekuja kwa bodaboda mchana kutwa kwenye jua: potasiamu 7.3, ECG nzuri, kijana anakula muhogo. Maji ya damu yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela. Tulitoa nyingine pale pale: 4.4. Chembe zikipasuka humwaga potasiamu yao. Mpira wa mkono ukikazwa muda mrefu na mgonjwa akikunja ngumi, nayo hupanda. Na tafadhali, damu ikiganda kwenye chupa nyekundu, msiijazie kwa ile ya chupa ya zambarau. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ni chumvi ya potasiamu, tena inakula kalisi. Potasiamu 9 na kalisi karibu sifuri kwa mtu anayecheka: hiyo ni chupa.

Wagonjwa wa figo: ndugu huwaletea madafu, ndizi na ming'oko kwa mapenzi. Msiwafokee. Waambieni dafu lina potasiamu nyingi kuliko dripu yoyote tunayoweza kuthubutu kumwekea, watalinywa wao.

Kwa potasiamu ndogo, manne tu. Iliyoshuka hadi 3.0 ina pengo la mamia ya mmol, hivyo kidonge kimoja cha mg 600 (8 mmol) hakifanyi kitu. Msiichanganye na dekstrozi mwanzoni, maana sukari huamsha insulini na potasiamu inashuka zaidi. Mwenye ketoasidosisi ya kisukari akiwa chini ya 3.5, insulini isubiri hadi potasiamu ipande. Na anayepewa amfoterisini kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, potasiamu na magnesiamu zake zifuatwe tangu wiki ya kwanza, msingoje alegee.

Ampuli ya kloridi ya potasiamu ya 15%, ml 10, ina 20 mmol. Haisukumwi kwa sindano mshipani, kamwe, hata akiwa na 1.8. Ikishaingia kwenye chupa ya dripu, igeuzeni chupa mara kumi, la sivyo inatua chini na mgonjwa anaipata yote mwanzoni. Zilikuwa zimewekwa trei moja na ampuli za maji ya sindano, na kwa tochi ya simu zinafanana. Jana nimezihamishia kabati la chini; ufunguo anao sista wa zamu.