Muhtasari wa Isimu ya Kiswahili, wiki kwa wiki hadi mtihani: neno moja, kurasa kumi

Wenzangu wa kikundi, kila Ijumaa jioni nitaweka ukurasa mmoja hapa. Sitaandika kila alichosema mhadhiri, kwa sababu daftari zetu zinayo hayo. Ninachoandika ni kile cha wiki hii kinachogusa wiki zilizopita, maana mtihani wa mwisho unabeba alama 60 na unauliza kuanzia siku ya kwanza. Tutatembea na neno moja muhula mzima. Nimelisikia kwa mama lishe wa nyuma ya bweni, akimzungumzia binti aliyelala na malaria siku mbili: "Wenzake chumba kizima, hawakumpikia hata uji." Neno letu ni hilo, hawakumpikia. Kila wiki tutalichana tena.

Wiki ya 1. Isimu ni nini

Isimu huchunguza lugha kama ilivyo, haimkosoi mzungumzaji. De Saussure (1857–1913) alitofautisha mfumo wa lugha ulio vichwani mwa jamii na matumizi ya mtu mmoja mmoja. Mama lishe alilitamka hawakumpikia mara moja tu, nasi tulimwelewa kwa kuwa mfumo tunao sote. Hapo pia ndipo penye unasibu: hakuna kinachofungamanisha sauti za "uji" na uji wenyewe.

Wiki ya 2. Sauti

Kiswahili sanifu kina irabu 5: a, e, i, o, u. Fonimu tunaithibitisha kwa jozi za mlinganuo finyu, na mzizi wetu unatupa kundi zima bure: pika, piga, pita, pima na fika. Ukibadilisha sauti moja, maana inahama. Mwenzetu wa Mombasa alisema kwao paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo na paa la nyumba bila mpumuo. Katika Kiswahili sanifu mpumuo hautofautishi maana, katika Kimvita unatofautisha. Mfano huu msiutupe, tutauhitaji wiki ya 4.

Wiki ya 3. Silabi na mkazo

Ha-wa-ku-m-pi-ki-a: silabi 7. Ile m inasimama peke yake kama silabi, sawa na m-tu na n-chi. Mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hapa uko kwenye *ki*. Ongezeni -ni mjionee: pika, mkazo uko *pi*, pikeni, umehamia *ke*. Jozi ya kukumbuka ni barabara: mkazo ukiwa kwenye *ba* ya pili ni njia ya magari, ukiwa kwenye *ra* ya kwanza maana yake ni sawasawa kabisa.

Wiki ya 4. Sauti zinapokutana

Hii ndiyo wiki niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowaangusha wengi mwaka jana.

Uyeyushaji: u mbele ya irabu huwa w, na i huwa y. mu+alimu ni mwalimu, vi+ake ni vyake. Katika neno letu, yambwa -m- imetokana na mu. Mbele ya p, u imedondoka. Ukibadilisha kitenzi kuwa andika, inarudi kama w: hawakumwandikia. Muungano wa irabu: wa+izi ni wezi, ma+ino ni meno.

Nazali: u+limi, wingi wake ni ndimi, ubavu ni mbavu, nyumba ni ndefu, si "nrefu". Nazali hufuata mahali pa matamshi pa konsonanti inayofuata. Lakini ukuta ni kuta na upande ni pande, kwa sababu mbele ya sauti zisizo na ghuna nazali hudondoka. Rudini kwa paa wa Mombasa: nazali iliyodondoka mbele ya p, t, k, ch iliacha mpumuo nyuma yake. Paa wa porini yuko kwenye kundi la nazali, paa la nyumba haliko, na sikio la Mvita bado linalitunza hilo.

Sasa swali lililonikosesha usingizi. Pika inazaa mpishi, cheka inazaa mcheshi, linda mlinzi, lewa mlevi, fuata mfuasi. Konsonanti inageuka mbele ya i. Kwa nini basi hatusemi "hawakumpishia"? Kibantu-mame kilikuwa na irabu 7. Ile i ya mpishi ilitokana na irabu ya juu kabisa, iliyokuwa na nguvu ya kugeuza konsonanti. Ile i ya kutendea ilitokana na irabu iliyokuwa chini yake kidogo, isiyo na nguvu hiyo. Kiswahili kiliziunganisha zikawa i moja, ila alama ya tofauti imebaki kwenye konsonanti jirani. Ukiulizwa "jadili", andika hili.

Wiki ya 5. Mofimu

Ha-wa-ku-m-pik-i-a: ukanushi, nafsi ya tatu wingi, wakati uliopita katika ukanushi, yambwa, mzizi, kutendea, kiishio. Mofimu 7. Na silabi ni 7! Idadi ni moja lakini mipaka si ileile: silabi ni pi-ki-a, mofimu ni pik-i-a. Kwenye jaribio la kwanza nilikata mzizi kuwa "piki" nikapoteza alama tatu. Ipimeni mizizi yenu kwa kubadilisha viambishi: pik-a, pik-w-a, pik-ish-a. Kinachobaki ndicho mzizi.

Alomofu: kutendea ni -i- baada ya a, i, u (pikia, katia, fungia) na -e- baada ya e, o (semea, somea). Pale mzizi unapoishia kwa irabu, l ya zamani hujitokeza: fua, fulia, toa, tolea. Maneno ya kuazima nayo yanafuata: jibu, jibia, samehe, samehea, sahau, sahaulia.

Wiki ya 6. Ukanushi na ku tatu

Hawa- si kiambishi kimoja, wala si kionyeshi "hawa". Ha- hukutana na nafsi na wakati mwingine humezana nayo: ha+ni ni si- (sikumpikia), ha+u ni hu- (hukumpikia), ha+a ni ha- (hakumpikia). Msichanganye hu- hii na hu- ya mazoea: "hupika kila siku" haina nafsi ndani yake.

Njeo nayo haikai kimya ukanushi unapoingia:

```
walimpikia    hawakumpikia     li -> ku
wamempikia    hawajampikia     me -> ja
wanampikia    hawampikii       na -> -, a -> i
watampikia    hawatampikia     ta -> ta
```

Sasa ku. Katika *hawakukupikia* ziko mbili: ya kwanza ni wakati uliopita katika ukanushi, ya pili ni wewe. Katika *walikula* ku ni ya tatu, inayobeba mkazo kwa sababu mzizi -l- ni mfupi mno. Ikija yambwa inaondoka, walimla. Katika *hawakula* ku iliyopo ni ya ukanushi. Andikeni sentensi hizi tatu kwa mkono mara moja kila siku.

Wiki ya 7. Jaribio la pili. Hakuna somo jipya. Nimesoma upya ukurasa wa 4 na wa 6.

Wiki ya 8. Ngeli

Jina "Bantu" lilitumiwa na Wilhelm Bleek mwaka 1862; utaratibu wa kuzipa ngeli namba unahusishwa naye na Carl Meinhof. Kigezo cha umbo hutazama kiambishi cha nomino, kigezo cha upatanisho hutazama kitenzi. Kijana ana umbo la ki-, ila "kijana amelala" inampeleka A-WA pamoja na kipofu na ng'ombe. Uji ni U: uji umepoa. Neno letu lina alama mbili za ngeli ndani yake: wa- na -m- zote ni za A-WA, moja ikiwa kiima wingi, nyingine yambwa umoja. Kigezo cha upatanisho kinanishawishi zaidi, lakini tukiulizwa tulinganishe tutaje udhaifu wake pia: kinaacha bila maelezo kwa nini kijana alivaa ki- tangu mwanzo.

Wiki ya 9. Sintaksia

Tumempa mama lishe sentensi kamili: *Wanafunzi hawakumpikia mgonjwa uji.*

```
S  -> KN + KT
KN -> N
KT -> T + KN + KN
```

Mgonjwa ni yambwa tendewa, uji ni yambwa tendwa. Kilichofungua nafasi ya mgonjwa ni ile -i- ya wiki ya 5. Iondoeni: "wanafunzi hawakupika uji", na mgonjwa hana pa kukaa. Katika kutendwa, anayepanda kuwa kiima ni mgonjwa: "Mgonjwa hakupikiwa uji." Hakuna anayesema "uji haukupikiwa mgonjwa".

Sentensi yetu ni sahili. Ikiwa "Wanafunzi walirudi lakini hawakumpikia" ni ambatano. "Wanafunzi walioishi naye hawakumpikia" ni changamano, na *walioishi naye* ni kishazi tegemezi kinachobebwa na o ya urejeshi.

Wiki ya 10. Maana

Kutendea hakuna maana moja tu. Pikia mtu ni kwa faida yake. Sufuria ya kupikia ni chombo. "Anapikia uani" ni mahali. Ndipo utata unapozaliwa: "Amempigia mpira" yaweza kuwa kwa niaba yake au kuelekea kwake. Huo ni utata wa muundo. Katika "amenunua mbuzi" utata uko kwenye neno: mnyama, au kifaa cha kukunia nazi.

Mwongozo wa mwisho

Mtihani ni Jumanne saa tatu asubuhi. Jumamosi, kila mtu aje na karatasi tupu na kalamu, daftari zibaki chumbani. Juu ya karatasi andikeni *hawakumpikia*, kisha mteremke nalo: fonimu, silabi na mkazo, u iliyodondoka kwenye -m-, k isiyogeuka, mofimu 7, jozi zake nne za njeo, ngeli za wa- na -m-, mti wa sentensi, maana za -i-. Penye kukwama, hapo ndipo ukurasa wa kurudia usiku ule, na mwenzako akuulize kesho yake.

Jumapili tunabadilisha neno ili tusije tukakariri moja. Nimechagua *hatukuwaandikia*. Nimeanza, malizieni: silabi 8, ha-tu-ku-wa-a-ndi-ki-a, mkazo kwenye *ki*. Mofimu ni 7, ha-tu-ku-wa-andik-i-a. Kiambishi -wa- hapa ni yambwa, si kiima kama kwenye neno letu. Irabu a mbili zimekutana na zote zimeandikwa. Ku ni ya ukanushi, na ushahidi ni kwamba ukiliyakinisha unapata *tuliwaandikia*.