YAH: Kuhamisha tangazo namba 4817206 kutoka Vipuri vya Magari kwenda Pampu za Sola

Kwa Huduma kwa Wauzaji,

Habari za kazi. Tunaomba tangazo letu la "Pampu ya maji ya sola 24V, ya kuzamisha kisimani, pamoja na kontrola" (msimbo PS-24-350) lihamishwe.

Lilipo sasa: Magari > Vipuri > Upoozaji wa Injini > Pampu za Maji
Linapostahili: Kilimo > Umwagiliaji > Pampu za Sola

Inaelekea mfumo ulilipanga hapo kwa kusoma "pampu ya maji" na "24V" kwenye jina, kwani malori mengi hutumia umeme wa 24V. Lakini pampu ya lori huzungushwa na mkanda au gia za injini. Hii yetu ina mota yake, inaning'inizwa kisimani kwa kamba, na umeme wake unatoka kwenye paneli. Tazameni picha ya 4, kibati cha pampu kinasomeka vizuri.

Fomu ya vipuri inalazimisha kujaza aina ya gari, na tangazo sasa linaonyesha "Magari yote". Ndiyo maana tunaulizwa kama inaingia kwenye Fuso, na mizigo inarudi kwa sababu ya "haifai kwa gari langu". Mkulima anayechuja kwa urefu wa kusukuma maji au lita kwa saa, yeye haioni kabisa. Tunaomba marejesho ya sababu hiyo yasihesabiwe kwenye alama za duka.

Kubadilisha wenyewe hatuwezi: sehemu ya Kategoria hufungwa oda ya kwanza ikishaingia. Kufuta na kuweka upya kutapoteza maoni ya wanunuzi, na linki ya sasa imeshachapwa kwenye vipeperushi vyetu. Namba ya tangazo ibaki ileile.

Za kujaza kwenye fomu mpya: wati 350, urefu wa juu wa kusukuma, mita 40, lita 3,000 kwa saa, ambacho ni kiwango cha juu kabisa na hushuka kadiri kisima kinavyokuwa kirefu, kipenyo cha pampu inchi 3, mdomo wa kutolea maji inchi 1, paneli mbili za wati 200 kwa mfululizo, volti za paneli zisizidi 50 zikiwa hazina mzigo. Hiyo ya mwisho msiiache, maana ikizidishwa kontrola inaungua.

Tangazo lina machaguo mawili, waya wa mita 20 na wa mita 40, kila moja na msimbo wake. Yahamishwe yote mawili. Likihama moja tu, la pili litabaki kwenye vipuri na bei yake.

Kama kamisheni ya kategoria mpya ni tofauti, tujulisheni kabla ya kuhamisha. Oda ambazo bado hazijasafirishwa ziendelee kwa kiwango cha sasa.

Wenu,
Mauzo, akaunti ya muuzaji TZ-20471
Kariakoo, Dar es Salaam