Barua kwa mwandishi wa habari: naomba radhi, sitahojiwa

Shela, Lamu
Alhamisi, baada ya magharibi

Kwa Bi Fahima,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, natumai boti ilikufikisha Langoni salama juzi, maana kusi lilivuma vibaya jioni ile na mimi nilibaki na wasiwasi mpaka niliposikia adhana ya isha.

Nakuandikia kukupa jibu nililokuahidi ulipokuja kuniomba nihojiwe juu ya lalamiko la kazini. Sitahojiwa. Sitarekodiwa sauti, sitapigwa picha, sitasema kwa jina la kubandikwa, wala sitasema yale ya "haya yabaki baina yetu". Nimelitanguliza jibu kusudi usisome barua nzima ukitafuta mlango nilioacha wazi. Hakuna. Lakini sikutaka kukupa jibu la maneno mawili kwenye simu, kwa sababu ulikuja kwangu kwa heshima na heshima hurudishwa.

Nilikuona. Ulivua viatu kabla hujaambiwa. Ulikaa daka, ukaiweka simu yako kifudifudi ukaniambia, "Mama, sirekodi." Ukanitajia gazeti lako, ukaniambia unachotafuta na nani mwengine umemwuliza, kabla hujaniuliza hata swali moja. Nimefanya kazi za mahoteli miaka 27, Malindi kisha hapa, na nimeshawahi kuona waandishi waliojifanya wageni wanaotafuta chumba. Wewe hukufanya hivyo. Kwa hilo nakushukuru, na mwanangu wa kike akitaka kuifanya kazi yako sitamzuia.

Tena sisi watu wa Lamu hatuna haki ya kuidharau kazi hiyo. Walipotaka kutujengea kituo cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, wengi wetu mara ya kwanza tuliyaelewa majivu na maji ya moto kwa sababu kuna mtu aliyachimbua makaratasi akatuandikia kwa lugha tunayoijua. Leseni ilifutwa mwaka 2019. Wavuvi nao, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliposema walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, ni nyinyi mliokuja kuuliza, na mkarudi kuuliza tena, pesa ziko wapi. Sijasahau.

Ila bahari ni ya watu wote. Jambo ulilokuja kuniuliza, likiwa lipo, lina mwenyewe.

Ulinitajia aina ya lalamiko, ukanitajia na nyumba ninayofanya kazi. Sithibitishi na sikanushi, na nakuomba usilichukue neno lolote la barua hii kuwa ni kuthibitisha. Mimi ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na najua ndiyo maana umekuja kwa kata. Mchana kutwa tuko watu wawili wawili, mmoja upande huu wa shuka na mwengine upande ule, tunakunja, na mikono ikiwa kazini mdomo hufunguka. Nimeambiwa mambo ya ndoa, ya madeni, ya maradhi, ya mabwana wakubwa, na kila aliyeniambia alijua shuka likishakunjwa maneno yamekunjwa nalo. Siku nitakayoyatoa kwa mtu mmoja, hata kwa nia njema, hakuna msichana atakayeniambia tena kitu. Halafu yule atakayefikwa na la kumfika, atamwambia nani?

Na sheria nayo naijua kidogo, maana tulisomeshwa na watu wa chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Tamko hilo lazima liseme kwamba jina la aliyelalamika, na mazingira ya lalamiko lake, hayatatolewa kwa mtu yeyote isipokuwa inapohitajika kwa uchunguzi au kwa kumwadhibu mkosaji. Yameandikwa kumfunga mwajiri, lakini sioni vipi mwajiri afungwe mdomo kwa ajili ya kumlinda mtu, kisha mimi mwenzake wa kazi niufungue wangu.

Utasema, kama ulivyosema, kwamba hutataja jina. Naamini hutataja. Acha nikuhadithie kitu.

Mwaka 2009 nilikuwa Malindi, kwenye hoteli moja ya ufuoni. Mgeni akalalamika amepotelewa na pesa chumbani. Aliyekuwa zamu ni mwenzangu, tuliyezoea kula pamoja, mama wa watoto wawili. Habari ikatoka gazetini. Jina halikutajwa. Liliandikwa "mhudumu wa vyumba, mjane, mkaazi wa Maweni". Basi. Hakuna uongo hata mmoja katika maneno hayo. Lakini katika hoteli ile wajane walikuwa wawili, na mmoja akikaa Barani. Asubuhi ile ile mwenye duka aliyekuwa akimkopesha unga alimwambia lete kwanza deni la zamani. Mtoto wake mkubwa akarudi kutoka shule shati limechanika kifuani, hataki kusema amepigana na nani wala kwa nini. Siku ya nne mgeni akazipata pesa zake, zimeingia ndani ya bitana ya sanduku. Hoteli ikamwomba msamaha, mgeni akamwomba msamaha, hata kumpa alitaka kumpa kitu akakataa. Gazeti halikurudi. Sikusemi wewe, pengine hata mwandishi hakupata habari kwamba pesa zimeonekana. Mwenzangu alihama Maweni kabla ya mwaka kwisha, akenda kukaa kwa dada yake Garsen, na kazi ya hoteli hakuifanya tena.

Hapo ni Malindi, mji wenye barabara na magari. Hapa Shela mtu akipita na punda amebeba mchanga, tunajua mchanga wa nani, na nyumba inajengwa kwa pesa za nani. Ukiandika "mfanyakazi mmoja wa nyumba ya wageni mjini Shela", utakuwa umeficha jina kwa watu wa Nairobi tu. Sisi tutakuwa tumeshamjua kabla ya kahawa ya alasiri. Na ukiandika "msimamizi mmoja ambaye hakutaka kutajwa jina", watanijua mimi, na wakinijua mimi watajua nimesema juu ya nani.

Sijatishwa na mtu, wala sijapewa kitu ninyamaze. Ningekuwa nimetishwa ningekwambia, na hilo lingekuwa habari yangu mwenyewe ambayo nina haki ya kuitoa. Na nimejiuliza kweli, usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, kama kunyamaza kwangu hakutamfaa mtu asiyestahili kufaiwa. Nimeliona hilo, na limeniuma. Lakini mfanyakazi mwenye jambo ana milango yake: mwajiri, chama, afisa wa leba, polisi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ambayo hukaa Malindi pia. Mlango wako ni mmoja katika hiyo. Mwenye jambo ndiye anayechagua abishe wapi na lini. Akija kwako kwa miguu yake, msikilize, na mimi sitamzuia wala sitamkasirikia. Ila mimi siwezi kumbishia hodi mahali ambapo yeye hajataka kwenda.

Nina maombi matatu kwako.

La kwanza: ukihitaji kuandika kwamba ulinitafuta, andika kwamba nilikataa kuhojiwa, ukomee hapo. Usiandike kwamba nilionekana mwenye hofu, wala kwamba nilinyamaza. Sikuwa na hofu, na barua hii si kunyamaza.

La pili ni zito zaidi. Pale kizingitini, kabla hujakaa, kuna neno lilinitoka. Unalijua, na sitaliandika hapa. Nalijua kosa langu, sikukwambia mwanzo kwamba tunazungumza tu, na wewe ulikuwa umeshajitambulisha. Kwa desturi ya kazi yenu huenda ni lako. Kwa hivyo sikuamuru, nakuomba: usilitumie. Nilisema kama mama aliyeshtushwa mlangoni, sikusema kama shahidi. Kama mkubwa wako wa gazeti ataliulizia, mwonyeshe barua hii.

La tatu, usiwasubiri wasichana kwenye ule uchochoro wa nyuma wanapotoka zamu saa kumi. Wengi wao ni wa miaka 19, 20, wametoka Hindi, Mpeketoni na Faza, na mikataba yao ni ya miezi mitatu mitatu. Akionekana tu amesimama na wewe, hata kama amekuelekeza njia, atakuwa ameshasemwa. Wewe utakuwa umeshapanda boti.

Kama unataka kuandika juu ya mambo haya bila kumkanyaga mtu, na mimi nadhani yanahitaji kuandikwa, kuna swali ambalo sijaona limeulizwa. Hilo tamko la kifungu cha 6, liko wapi? Waulize wenye nyumba za wageni, Lamu, Manda, Watamu, Malindi, kila aliye na watu 20: umelitoa? Ulishauriana na wafanyakazi ulipoliandika, kama sheria isemavyo? Limeandikwa kwa lugha gani, na limebandikwa wapi, ofisini kwa meneja au pale tunapobadilishia nguo? Waulize na maafisa wa leba mara ya mwisho walikagua lini. Waulize KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli. Hayo majibu hayahitaji kumtoa msichana yeyote kwenye nyumba yao, na mwajiri hawezi kukwambia ni siri.

Na kazi yenyewe ya vyumba ukitaka kuijua, migongo inavyouma, vyumba vingapi kwa siku, msimu wa mvua tunavyorudishwa nyumbani bila mshahara mpaka wageni warudi, hayo ni yangu na nitakueleza, kwa jina langu, lakini baadaye. Nisubiri mpaka habari hii iwe imepoa, ili mtu asiyasome ya kwangu akadhani ni ya mwengine.

Kalamu yako uliisahau juu ya daka. Nimeifunga ndani ya bahasha hii pamoja na barua, na kijana anayekuletea nimeshamlipa nauli ya kwenda na kurudi, usimpe kitu. Kama una jibu la kuandika mpe yeye, atasubiri hapo nje. Usinipigie kesho kabla ya saa kumi, nitakuwa kazini na simu itakuwa kabatini.

Wasalimie nyumbani kwenu, na mamako mpe salamu zangu ingawa hatujuani.

Wabillahi taufiq.

Mamako,
Bi Khadija