RATIBA YA SEVISI NA SIKU ZA KULALA, PIKIPIKI TATU, MASIKA 2025 (3 Machi mpaka 1 Juni)

Shabani, Ema, Kibwana, na fundi pia. Nimekaa na daftari tangu mchana nikapiga hesabu upya, hii ndio tunayoifuata kuanzia kesho Jumatatu 3/3. Nakala moja ipo ukutani kwa fundi, moja kila mtu aitunze kwenye simu, msiniambie hamkuiona.

Sheria ni moja tu kubwa: oili inamwagwa kwa kilomita AU kwa tarehe, kinachotangulia ndio hicho hicho. Kilomita zimefika tarehe bado, mwaga. Tarehe imefika kilomita bado, mwaga. Hakuna "bado nyeusi kidogo", hakuna "namalizia wiki".

Nyekundu (Boxer 150, Shabani, Msamvu): kila km 1,500 au siku 14
Bluu (TVS HLX 125, Ema, Kihonda): kila km 2,000 au siku 21
Nyeusi (Boxer 100, Kibwana, sokoni Mawenzi na mizigo ya Bigwa): kila km 1,000 au siku 14

Nyeusi nimeibana kwa sababu mnazijua. Mwaka jana mwezi wa kumi kebo ya spidomita ilikatika, tukawa tunakisia tu itakuwa kama elfu moja hivi, Jumatano yake ya kulala ikawa anapewa deiwaka mimi sina habari, oili ikafikisha siku 24, na 19 Novemba ikanoki kwenye kile kipando cha Bigwa ikiwa na mikungu ya ndizi nyuma. Bloki ikachongwa, pistoni na ringi mpya, gasketi, ufundi, jumla 265,000, na siku tisa hakuna hesabu na Kibwana nyumbani kwake hakuna hela ya kula. Lita ya oili ni 12,000. Nikikumbuka hilo bado naumia, sio hela peke yake, ingeweza kumuangusha mtu kwenye mteremko.

Kwa hiyo kebo ikikatika kwa yeyote kati yenu siku hiyo hiyo anapeleka kwa fundi. Ikitokea duka halina, tunahesabu kwa petroli mpaka ipatikane, andika lita ulizoweka kila siku, kila lita moja tuihesabu km 45. Ni makadirio lakini yanatosha kutuonya.

NYEKUNDU. Analala kila IJUMAA. Jana na leo amepiga kazi, jioni hii inasoma 62,420. Oili ya mwisho Ijumaa 21/2 kwenye 61,580, maana yake mwisho wake ni 63,080 au Ijumaa hii.

Ijumaa 7/3, itakuwa kama 62,860: oili. Tairi la nyuma jipya na tyubu yake, lililopo limebaki kipara katikati na mvua ndio hizo zinaingia, hili halisogezwi hata wiki moja.
Ijumaa 14/3: inalala tu. Kuosha, kukaza spoki, upepo.
Ijumaa 21/3, km 64,180: oili. Cheni na sproketi zote mbili seti nzima (zilifungwa 50,200, zimetembea elfu kumi na nne, zimetosha). Kuseti tapeti injini ikiwa baridi, kwa hiyo Shabani ipeleke alfajiri haijawashwa, au ilaze kwa fundi Alhamisi usiku. Tapeti kwanza ndio oili, usianze na oili maana oili inamwagwa injini ikiwa ya moto.
Ijumaa 28/3: inalala. Najua Idi inakaribia na watu wananunua vitu, ila inalala. Siku ya Idi yenyewe hesabu sitaki, ule na watoto.
Ijumaa 4/4, km 65,500: oili, plagi mpya (ya sasa ilifungwa 57,400), kuangalia brekshuu za nyuma.
Ijumaa 11/4: inalala.
JUMATANO 16/4, km 66,600: oili. Hapa nimehamisha, Ijumaa ya 18 ni Ijumaa Kuu na Msamvu inajaa mabasi, Shabani aliniomba na ana haki, hizo siku tatu nne za Pasaka ndio anapata ya ada. Wiki hiyo inalala Jumatano badala ya Ijumaa, sio kwamba hailali.
Ijumaa 25/4, km 67,480: oili. Mtaona ni mapema, siku tisa tu. Nilijaribu kuiacha mpaka 2/5 ikatoka siku 16 na kilomita zaidi ya 1,500, ikavunja sheria pande zote mbili, bora ipoteze oili nusu lita ya uzima kuliko tuanze kuzoea kuvuka.
Ijumaa 2/5: inalala.
Ijumaa 9/5, km 68,800: oili, ekliina mpya, kupima klachi. Shabani umesema ikipanda Kilakala na abiria inanguruma bila kuvuta, ikizidi kabla ya hapo usisubiri tarehe, pleti zikiungua zinachafua oili yote.
Ijumaa 16/5: inalala.
Ijumaa 23/5, km 70,120: oili, beringi za gurudumu la mbele zikaguliwe.
Ijumaa 30/5: inalala.

BLUU. Analala kila JUMAPILI. Leo 2/3 imelala, inasoma 15,690. Oili ya mwisho 16/2 kwenye 14,610. Hii bado changa, tangu Agosti, na Ema anaitunza vizuri, haina mengi.

Jumapili 9/3, km 16,230: oili, kukaza cheni.
Jumapili 30/3, km 17,850: oili, plagi, tapeti. Tapeti ni ile ile, ilale kwa fundi Jumamosi.
Jumapili 13/4, km 18,930: oili. Ilikuwa iwe 20/4 lakini hiyo ni Pasaka, fundi hafungui na Ema yuko kanisani, kwa hiyo tunaivuta nyuma wiki moja, kuvuta mbele hapana.
Jumapili 4/5, km 20,550: oili, brekshuu za nyuma, ekliina kupulizwa.
Jumapili 25/5, km 22,170: oili.
Jumapili nyingine zote inalala nyumbani kwa Ema, funguo kabatini.

Fundi Jumapili anafungua saa tatu anafunga saa saba, Ema ukitoka ibada ya kwanza unapitia hapo hapo. Na utaona kwako siku zote tarehe inatangulia kilomita, wiki tatu zako ni kama 1,620 tu. Usije ukasema bado nina mia nne. Pikipiki ya safari fupi fupi, washa zima washa zima getini stesheni ya SGR, oili yake inachoka hata kama namba haijasogea.

NYEUSI. Analala kila JUMATANO. Kebo mpya ilifungwa wakati wa matengenezo ya Novemba, zile wiki ilizokufa namba haikuhesabu, kwa hiyo umri wake wa kweli ni mkubwa kuliko inavyosoma, tusiufuate, tufuate tofauti ya oili na oili. Oili ya mwisho 26/2 kwenye 88,412.

12/3, km 89,370: oili, brekshuu mbele na nyuma zote. Anayebeba mzigo anashuka Bigwa na breki, hizi hatukopi.
26/3, km 90,330: oili, tapeti.
9/4, km 91,290: oili, shokapu za nyuma kuangaliwa kama zinavuja.
23/4, km 92,250: oili.
7/5, km 93,210: oili, kabureta kusafishwa.
21/5, km 94,170: oili, cheni kupimwa kama bado inafika msimu wa mavuno.
Jumatano za katikati zote, 5/3, 19/3, 2/4, 16/4, 30/4, 14/5, 28/5, inalala. Kibwana najua Jumatano kuna rafiki zako wanakuja kuomba siku. Jibu ni kwamba Mama amekataa, nitukanwe mimi.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, wote watatu: simamisha pikipiki wima kwenye sakafu sawa, angalia kipimo cha oili. Nyeusi ikipungua tu kidogo nipigie, injini iliyochongwa ikianza kula oili inajulikana mapema kwa mtu anayeangalia. Kila jioni piga picha namba ya dashibodi nitumie pamoja na hesabu. Sio kuwachunga, ndio ninavyojaza daftari.

Siku mvua imenyesha mkapita kwenye matope ya Mkundi au Kihonda ndani, cheni ioshwe usiku huo huo na kupakwa oili nzito safi. Ile oili chafu iliyomwagwa msipake kwenye cheni, ina vumbi la chuma, inasaga sproketi. Na isimwagwe mtaroni, mtaro ule unaenda mtoni na kuna watu wanafua huko chini, fundi ana dumu la lita ishirini, imwagwe humo.

Oili mimi ndio nanunua, 20W-50, chupa ya lita ikiwa na sili yake, nitaziacha kwa fundi. Zile za kupimiwa kwenye chupa za maji hapana kabisa.

Hela. Kwenye hesabu ya kila pikipiki natenga 2,000 kila siku ya kazi, siku sita mara tatu ni 36,000 kwa wiki, wiki kumi na tatu 468,000. Oili ni mara 18, 216,000. Cheni na sproketi 38,000, tairi na tyubu 55,000, plagi mbili 10,000, brekshuu 21,000. Hapo ni 340,000, na fundi 2,000 kila siku ya oili ni 36,000, jumla 376,000. Inabaki 92,000 ya ekliina na kitakachoharibika bila kuaga. Klachi ya Nyekundu ikidai, itatoka humo. Mkivuka salama mpaka 1 Juni iliyobaki nawagawia ninyi watatu sawa sawa, nimeandika hapa ili mnidai.

Siku ya kulala haina hesabu, na siku ya fundi haina hesabu hata ikichelewa kutoka mpaka jioni. Mtu asije akafidia kwa kupiga usiku wa manane.

Ukiumwa, siku hiyo pikipiki inalala na wewe, nipigie tu saa yoyote.

Ya kwanza ni Ijumaa 7/3, Shabani. Tairi nimeshalinunua, lipo kwa fundi nyuma ya mlango.